Nguzo Mbili Zinatosha

Msomaji wa bango kwenye kongamano husimama umbali wa mita moja hivi, akiwa njiani kwenda bango jingine. Sehemu ya matokeo inapaswa kumpa jibu kabla hajaondoka.

Tuchukue jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948. Baada ya miezi sita, wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa walikuwa wamefariki. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, walifariki 14. Kichwa cha sehemu hiyo kisiwe “Matokeo”. Kiwe jibu lenyewe: “Vifo vilikuwa vichache kwa waliopata streptomaisini.” Chini yake chora nguzo mbili, 7% na 27%, zikianzia sifuri. Ukianzia 5%, nguzo ya dawa itakuwa kama haipo, na jicho litadanganyika.

Juu ya kila nguzo andika 4/55 na 14/52, maana asilimia peke yake huficha udogo wa kundi. Usiandike 7.27%: katika watu 55, mgonjwa mmoja tu husogeza asilimia kwa karibu 2, hivyo desimali hizo ni usahihi wa bandia. Tofauti ni pointi 20, ila kwa makundi madogo hivi inaweza kuwa kati ya 6 na 34 hivi. Andika hilo pia. Majedwali yabaki kwenye karatasi ya kugawa.

Kabla ya kuchapa, mpe mwenzako hesabu ghafi azigawanye upya mwenyewe.