Simu mpya na saa mbili za Kongo

Je, wajua kwamba simu mpya ikiwashwa Kambove inaweza kutambua nchi iliyomo na bado ikakosea saa? Minara yote ya simu nchini Kongo hutangaza namba moja, 630, na kwa namba hiyo simu hujua kwamba haiko Zambia wala Tanzania. Shida ni kwamba Kongo ina majira mawili. Kinshasa iko mbele ya saa ya kimataifa, UTC, kwa saa 1. Likasi, Kambove na Katanga nzima ziko mbele kwa saa 2. Mnara usipotuma saa pamoja na namba hiyo, simu hubaki kukisia, na mara nyingi hukisia Kinshasa.

Ukurasa wa kwanza, ule wa lugha, hauna hatari. Kwenye simu nyingi za Android Kiswahili kimo, na baada yake huulizwa nchi: Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Aliyezoea Kifaransa achague Kifaransa, maana lugha hubadilishwa siku yoyote na hakuna kinachopotea. Kisha utaulizwa laini na Wi-Fi. Mwenye mega kwenye laini yake anaweza kuruka Wi-Fi, ila masasisho ya mwanzo hula mega nyingi, kwa hiyo ukiona simu inataka kupakua programu zote papo hapo, iambie isubiri.

Kuanzia hapo saa ndiyo inayoamua kama utaingia au hutaingia. Ndani ya simu saa huendeshwa na betri. Simu iliyokaa dukani miezi mingi betri ikaisha kabisa hupoteza saa yake, ikawaka na tarehe ya zamani, pengine ya kiwandani, pengine hata 1 Januari 1970. Sasa, kabla ya kukuruhusu kuandika neno la siri la akaunti yako, simu hudai cheti cha Google ili ihakikishe kwamba haizungumzi na tapeli. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu inayoamini kwamba tuko mwaka wa nyuma huona cheti hicho bado hakijaanza kazi, na hukikataa. Dalili yake ni hii: mtandao unashika vizuri, lakini alama ya Wi-Fi ina mshangao pembeni, au simu inasema hakuna intaneti. Wengi hulaumu mtandao na kununua mega zaidi, wakati dawa ni kurekebisha tarehe.

Kosa la majira ni la aina nyingine, na ni la kijanja zaidi. Tuseme ni 16:00 Kambove, na simu inaonyesha 15:00 kwa sababu imejiweka kwenye majira ya Kinshasa. Mpaka hapo simu haijakosea wakati wa dunia: 15:00 ya Kinshasa na 16:00 ya Kambove zote ni 14:00 UTC, na akaunti itafunguka. Mwenye simu akisogeza saa kwa mkono hadi 16:00 bila kugusa majira, ndipo anapoiharibu. Simu sasa inaamini kwamba UTC ni 15:00, saa nzima mbele ya dunia. Programu zinazotoa namba za siri za kila sekunde 30 zitatoa namba zinazokataliwa, na WhatsApp inaweza kulalamika kwamba tarehe ya simu si sahihi. Usisogeze saa. Chagua Lubumbashi, GMT+02:00, kisha acha saa ijiweke yenyewe.

Ukifungua akaunti mpya utaombwa namba ya simu. Ukiiandika kwa +243, ondoa sifuri ya mwanzo, zibaki tarakimu 9. Ujumbe utakaokuja una G- na tarakimu 6. Namba hiyo usimsomee mtu yeyote, hata anayedai anapiga kutoka kampuni ya simu.

Limebaki jambo moja linalowaumiza wanunuzi. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake inaweza kuendelea kuidai. Boksi likiwa jipya na kioo kikiwa safi, lakini simu ikakuomba akaunti iliyokuwa ndani yake zamani, hiyo si simu mpya, inawezekana imeibwa. Kwa hiyo ukinunua Likasi usisubiri ufike nyumbani Kambove. Iwashe mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, fika hadi ukurasa wa akaunti, ndipo utoe pesa.