Fonti mbili, majina kumi na moja

Bei ya kubuni bango la muziki Kariakoo ni vigumu kuiona, kwa sababu mara nyingi haimo kwenye risiti. Promota hulipia karatasi na wino. Kazi ya kupanga picha, majina na tarehe humezwa ndani ya bei ya kuchapa, na fundi aliyeketi kwenye kompyuta hupewa chake pembeni, wakati mwingine baada ya mzigo kutoka na wakati mwingine baada ya shoo kupita. Utaratibu huu ndio unaoamua bango litasomeka au halitasomeka, kuliko kipaji cha mtu yeyote.

Dizaina mmoja mwenye meza yake katika steshenari ya ghorofa ya kwanza ana kanuni ambayo wenzake huicheka: kila bango fonti mbili, basi. Hakuitoa kwenye kitabu. Anasema zamani alikuwa akitumia fonti sita au saba kwenye bango moja, kila promota akitaka jina lake ling'ae kivyake, mpaka kazi moja ilipomrudia. Alipeleka faili kwa mchapaji bila kuzifunga fonti ndani yake. Kompyuta ya mchapaji haikuwa nazo zote, ikaweka nyingine badala yake bila kumwuliza mtu. Mistari ikarefuka, tarakimu ya mwisho ya namba ya simu ikadondokea mstari wa chini, na hakuna aliyeiona mpaka karatasi zilipokwisha kukatwa. Promota alikataa kulipa. Mchapaji alisema alichapa alicholetewa.

“Waliobaki na hasara ni mimi na zile karatasi,” anasema.

Dawa ya kosa hilo inajulikana: faili iende kama PDF iliyofungwa fonti ndani, au maandishi yageuzwe kuwa michoro kabla hayajaondoka mezani. Lakini njia ya pili ina bei yake, maana maandishi yakishakuwa michoro hayahaririki tena, na promota wa mjini hubadilisha kiingilio saa tatu kabla ya kuchapa. Fonti zikiwa mbili ni rahisi kuzikagua, na kuzipakia kwenye kompyuta ya mchapaji ni kazi ya muda mfupi. Zikiwa saba, moja itasahaulika.

Faida ya pili ni ya msomaji. Bango la muziki husomwa na mtu anayepita, na mtu huyo ana maswali machache yenye mpangilio: nani anaimba, lini, wapi, shilingi ngapi. Dizaina huyu hukata kazi yake kwa ngazi nne, na kila ngazi huikuza kwa karibu mara mbili na nusu ya ile iliyo chini yake. Anapinga ile desturi ya kuongeza ukubwa kidogo kidogo. Kwa maoni yake jicho halitambui tofauti kati ya pointi 40 na pointi 48. Linaona vitu viwili vinavyogombana.

Alionyesha mfano wa karatasi ya A3, yaani milimita 297 kwa 420, kwa shoo ya kubuni ya Jumamosi usiku Mbagala. Ukiacha pambizo ya milimita 15 kila upande, upana uliobaki ni 267. Jina la msanii mkuu analiandika kwa Bebas Neue, fonti nyembamba yenye herufi kubwa tupu, kwa pointi 240. Hapo kila herufi ina kimo cha karibu milimita 59, na jina la herufi saba linajaza mstari mzima bila kubanwa. Chini yake, kwa fonti ileile, pointi 96: mstari mmoja wa siku na tarehe, mstari mmoja wa mahali na saa. Kisha fonti inabadilika. Kiingilio, wasanii wanaosindikiza na namba ya simu vinakaa kwenye Montserrat ya pointi 40, na maneno madogo ya wadhamini na masharti ya mlangoni yanakuwa pointi 16.

Siri ya kuishi na fonti mbili, anasema, iko kwenye hiyo ya pili. Ya kwanza inapiga kelele na haina kazi nyingine. Ya pili lazima iwe na ukoo mpana: nyembamba, ya kawaida, nene kiasi, nene kabisa. Kiingilio cha mlangoni kikiwa kinene na cha kununua mapema kikiwa cha kawaida, msomaji ametofautisha bila fonti ya tatu kuletwa. Na zisifanane. Montserrat na Poppins kwenye karatasi moja huonekana kama mtu aliyekosea kuchagua, kwa sababu umbo lao ni karibu moja na tofauti yao haina maana yoyote kwa mpita njia.

Kiswahili nacho kina madai yake. Maneno kama “watakaotumbuiza” na “kiingilio” ni marefu, na fonti pana huyavunja mistari au kulazimisha yapunguzwe mpaka yapotee. Ndiyo maana fonti nyembamba zimeshika soko hili. Saa ni mtego mwingine. Promota huleta “8:00”, dizaina akaibandika hivyohivyo, na mlangoni wanafika watu wa saa nane mchana na watu wa saa mbili usiku. Maneno “saa 2 usiku” yanachukua nafasi zaidi, lakini hayajawahi kumpotosha mtu. Ajabu ni kwamba mabango yanayokosea hapa si machache.

Hesabu nzima ya ukubwa hubadilika bango likiingia kwenye simu, na siku hizi huko ndiko linakoishi zaidi kuliko ukutani. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa milimita 65 hadi 70, kwa hiyo A3 inasinyaa zaidi ya mara nne. Pointi 240 zinakuwa kama 55, pointi 96 zinakuwa 22, pointi 40 zinabaki 9, ambazo bado zinasomeka. Pointi 16 zinashuka chini ya 4 na kugeuka vumbi. Mwenye kuweka namba ya simu au kiingilio kwenye ngazi ya nne ameificha kwa kila anayeliona bango kwenye stetasi. Dizaina wetu hulipunguza kila bango mpaka litoshe kiganjani kabla hajamwita mteja, kisha analitazama akiwa amekaribia kufumba macho. Kisichobaki hapo, anakipandisha ngazi au anakitoa.

Kukitoa ndiko kunakomgombanisha na wateja, na hapa ndipo malalamiko yake yanapokuwa marefu. Bango la msanii mmoja si tatizo. Tatizo ni bango la tamasha, ambalo huja na majina kumi na moja. Kila jina lina meneja, na kila meneja ana rula. Anasimulia meneja aliyepima jina la msanii wake kwenye kioo cha kompyuta na kukuta ni fupi kuliko la jirani kwa upana wa kidole, ingawa pointi zilikuwa sawasawa: jina lenyewe lilikuwa na herufi tano na la jirani tisa. Akaomba likuzwe. Likakuzwa. Jioni meneja wa jirani akapiga simu.

“Wakimaliza wote wamekuwa wakubwa,” anasema dizaina, “na hakuna aliye mkubwa. Promota ananiambia bango halina nguvu, niongeze dhahabu na moto nyuma. Mimi naongeza moto.”

Kwa maelezo yake, bango moja la aina hiyo hurudi mezani mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote, na kila kurudi ni bure. Wadhamini huja mwisho, kila mmoja na nembo yake, na nembo kwa kawaida ina fonti yake. Kanuni ya fonti mbili hapo imevunjwa kabla hajagusa kitu. Yeye huzipanga nembo zote kwenye mkanda mmoja mweupe chini, kwa kimo kimoja, ili jicho lizichukue kama kitu kimoja. Wadhamini wakubwa hawaupendi mkanda huo. Promota mmoja aliyezungumza na ukurasa huu anasema dizaina wanalalamika kupita kiasi, na kwamba anayelipa ana haki ya kuchagua. Huenda ni kweli, ila yeye mwenyewe alikiri halipi kwa kila mabadiliko.

Ofisa mmoja wa umma anayeshughulikia kazi za ubunifu anasema sekta inarasimishwa kwa kasi na kwamba wabunifu wengi sasa wanajua haki zao. Alipoulizwa ni wangapi, alisema wengi. Alielekeza kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo kweli ipo. Mezani Kariakoo haikutajwa na mtu hata mmoja. Bango likipendeza, wiki inayofuata huonekana na tarehe mpya na jina jipya, herufi zilezile, kutoka kwa mchapaji wa mtaa wa pili.

Hakimiliki ina upande mwingine ambao wabunifu hawapendi kuuzungumzia. Fonti nyingi zinazopakuliwa bure mtandaoni zina sharti la matumizi binafsi tu, na bango la shoo yenye kiingilio ni biashara. Bebas Neue na Montserrat zinatolewa kwa leseni huria inayoruhusu kazi za kulipwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kubaki nazo. Lakini ukisimama dirishani na kuhesabu mabango yaliyopangwa kwa mauzo, fonti za leseni huria hazionekani kutawala, na hatari ya kudaiwa kwa sasa ni ndogo kiasi cha kutomzuia mtu.

Mwelekeo wa biashara hauko wazi. Oda za kuchapa kwa shoo ndogo, kwa kauli ya wachapaji watatu tofauti, zimepungua, na promota wengine huomba toleo la simu peke yake. Kazi hiyo haina karatasi, kwa hiyo bei ya kubuni haina tena pa kujificha. Ama italipwa yenyewe au haitalipwa kabisa. Wapo wanaoamini ni nafasi. Violezo vya bure vya mtandaoni vinasema vingine, maana kijana wa promota anaweza kubadilisha jina na tarehe akiwa kwenye daladala.

Dizaina wa ghorofa ya kwanza amebandika karatasi juu ya meza yake: mabadiliko matatu bure, la nne linalipiwa. Imeandikwa kwa fonti mbili. Baadhi ya wateja wameikubali. Wengine, anasema, wamehamia ghorofa ya pili, ambako hakuna karatasi.