Deli halipozi maji: Kwa nini barafu ya alfajiri huisha saa sita mchana

Saa 12 asubuhi muuza maji wa stendi anapakia deli lake. Chupa 20 za nusu lita, barafu kilo 5, mfuniko unabanwa, kazi inaanza. Ikifika saa sita mchana, wateja ndio kwanza wameanza kuongezeka, anaingiza mkono na hakuti hata kipande. Ni maji matupu, na kuanzia hapo chupa zinaanza kuwa vuguvugu.

Wengi hulaumu deli. Wanasema ni la bei rahisi, halishiki baridi. Mara nyingi lawama hiyo si ya deli.

Deli halitengenezi baridi. Friji ina mashine inayotoa joto ndani na kulitupa nje, lakini deli ni ukuta tu. Kazi yake ni kulichelewesha joto la nje lisiingie haraka. Ndiyo maana chupa ile ile ya chai inaweza kubeba chai ya moto leo na juisi ya baridi kesho. Yenyewe haijui moto wala baridi, inazuia tu joto kuhama.

Hata blanketi lina kazi hiyo hiyo. Ukimwambia mtu afunge barafu kwa blanketi atakucheka, atasema itayeyuka kwa joto la blanketi. Lakini blanketi halina joto lake. Wewe unapojifunika, joto unalolisikia ni la mwili wako limezuiwa kutoka. Barafu nayo ikifunikwa, ni joto la nje linalozuiwa kuingia. Wauza barafu wanaofunika mapande yao kwa magunia na unga wa mbao wanalijua hilo. Mwaka 1833 meli moja ilitoka Boston, Marekani, ikiwa na tani 180 za barafu ya ziwani kwenda Kalkuta, India. Safari ilichukua miezi minne ikipita joto la tropiki, na tani zipatazo 100 zilifika bado ni barafu. Iliyoilinda ni maganda ya miti yaliyokaushwa na nyasi kavu, si friji.

Siri ya unga wa mbao, blanketi na lile povu gumu lililo ndani ya ukuta wa deli ni moja: hewa iliyonaswa. Hewa hupitisha joto kwa shida sana, ila ikiwa na nafasi ya kuzunguka hubeba joto kutoka upande mmja hadi mwingine. Povu linaikata hewa vijumba vidogo vidogo isiweze kutembea.

Sasa turudi kwenye zile kilo 5. Njia rahisi ya kuona zinakwenda wapi ni kuhesabu joto kwa gramu za barafu linazoyeyusha. Chukua siku ya joto la nyuzi 30, na deli la lita 40 lenye kuta nzima za povu la sentimita 3, limewekwa kivulini.

Kupitia kuta na mfuniko, joto linaloingia litayeyusha takribani gramu 200 za barafu kila saa. Kwa saa kumi ni kilo 2. Hiyo ndiyo kodi ya ukuta, hulipi zaidi wala huikwepi.

Kufungua mfuniko je? Watu wanaogopa sana kufungua, na ni kweli kuna gharama. Lakini tuseme hewa yote ya baridi imetoka na hewa ya Pwani yenye unyevu imeingia badala yake. Hewa ni nyepesi, na hata ukijumlisha mvuke wake unaogeuka maji ukikutana na baridi, barafu inayoyeyuka haizidi gramu 10 hivi. Ukifungua mara sita kwa saa, ni gramu 60. Si kitu cha kupuuza, lakini si mwizi mkuu.

Mwizi mkuu ni chupa zenyewe. Maji yanabeba joto jingi kuliko karibu kila kitu cha kawaida. Kuishusha nusu lita ya maji kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 3 kunakula gramu 170 za barafu. Zidisha kwa chupa 20 upate kilo 3.4. Yaani kati ya kilo 5 alizonunua, zaidi ya nusu zimekwenda kupoza maji aliyoyatoa dukani yakiwa ya joto. Kilo 1.6 iliyobaki ndiyo inayopambana na jua, kwa gramu 260 kwa saa, ukuta na mfuniko kwa pamoja. Inatosha saa sita na dakika chache. Toka saa 12 asubuhi, saa sita mchana imefika.

Muuzaji huyo huyo angelaza chupa zake kwenye friji usiku zikafika nyuzi 5, hesabu ingegeuka kabisa. Kumalizia kuzipoza kusingekula hata nusu kilo. Saa 10 jioni angebaki na karibu kilo 2 za barafu, deli ni lile lile, jua ni lile lile. Asiye na friji anaweza angalau kuacha chupa sehemu yenye hewa usiku kucha badala ya kuzitoa kwenye stoo ya bati, maana kila nyuzi moja inayopungua kwenye chupa 20 inaokoa gramu 125 za barafu.

Na yale maji ya barafu iliyoyeyuka, asiyamwage mapema. Maadamu kuna vipande vinaelea, maji hayo yana nyuzi sifuri hivi, na yanaigusa chupa pande zote kuliko mapande ya barafu yanavyoweza. Kwa samaki ni habari nyingine: samaki akilowa kwenye maji hayo anaharibika ladha na nyama, kwa hiyo kule maji yanatolewa.

Hesabu hii ni ya deli zima. Deli likianza kuharibika, kodi ya ukuta inapanda, na kuna njia za kulitambua.

Ya kwanza ni jasho. Deli likiwa na barafu ndani, pitisha kiganja nje. Panapotoa jasho au pana ubaridi kuliko kwingine, ndipo joto linapopenyea. Kwa madeli mengi ya bei nafuu utakuta ni mfuniko, kwa sababu ndani ya mfuniko huwa hamna povu, ni plastiki mbili zenye uwazi katikati. Kuulaza juu yake mto wa sponji au khanga iliyokunjwa mara kadhaa kunasaidia kweli.

Ya pili ni uzito. Deli likipasuka ndani, maji huingia kwenye povu na kujaza vile vijumba vya hewa. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo povu lililolowa ni ukuta wa jina tu. Deli tupu likianza kuwa zito kuliko lilivyonunuliwa, au likitikiswa linasikika maji ukutani, limekwisha. Ufa mdogo uzibwe kabla haujafika huko.

Ya tatu ni mfuniko wenyewe. Bana kipande cha gazeti kati ya mfuniko na ukingo, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo pana mwanya. Zunguka ukingo mzima. Usisahau na kizibo cha tundu la chini la kumwagia maji. Hewa ya baridi ni nzito, inakaa chini kama maji kwenye beseni, ndiyo maana deli linalofunguliwa kwa juu halimwagi baridi yote. Lakini tundu la chini likiwa wazi, baridi inamwagikia hapo na hewa ya joto inaingia juu kupitia kila mwanya.

Kwa vitu vya moto mambo yanapinduka, na hapo mfuniko ni jambo zito zaidi. Hewa ya moto na mvuke vinapanda juu, moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa. Na mvuke unaondoka na joto jingi mno. Kwenye lita moja ya chai, gramu 10 tu za mvuke, yaani vijiko viwili vidogo vya maji, zikitoka zinashusha chai kwa nyuzi 5. Kwa hiyo chupa ya chai ambayo kizibo chake kinapumua itapoa hata kama ukuta wake ni wa ajabu.

Na ukuta wake ni wa ajabu kweli. Katikati ya kuta zake mbili hewa yenyewe imenyonywa, hivyo hakuna cha kubeba joto kutoka ukuta wa ndani kwenda wa nje. Kioo nacho kimepakwa rangi ya fedha ing'aayo, ili joto linalosafiri kama mwanga lirudishwe lilikotoka. Aliyeibuni ni James Dewar, mwanasayansi wa Uskochi, mwaka 1892 huko London, na wala hakuwa na habari ya chai. Alitaka kutunza gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Miaka 12 baadaye Wajerumani wakaanza kuiuza kwa jina la Thermos, ndiko tulikopata neno themosi.

Uwazi ule usio na hewa ukivuja, chupa haioneshi nje. Kwa chupa ya chuma, mimina maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, kisha shika kiwiliwili chake. Shingoni panaweza kuwa na joto kidogo, hilo ni la kawaida. Lakini kiwiliwili kikiwa cha moto, hewa imeingia ndani ya ukuta na hakuna fundi wa mtaani atakayeirudisha hali yake.

Nzima nayo inahitaji kusaidiwa. Isuuze kwa maji ya moto kwanza, ukae nayo dakika tano, la sivyo chai itatumia joto lake kuupasha ukuta wa ndani. Ijaze pia. Chupa iliyofika nusu hupoteza joto karibu sawa na iliyojaa, ila ina nusu tu ya akiba ya joto, kwa hiyo inapoa haraka zaidi.

Wapishi wanaopeleka chakula kwenye shughuli kwa hotipoti wanapaswa kuikumbuka namba moja zaidi: nyuzi 60. Chakula cha moto kikiwa juu ya hapo, vijidudu havizaliani. Kikishuka chini yake, hotipoti ile ile iliyokuwa inakilinda inakishikilia kwenye uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda, kwa saa nyingi kuliko sufuria ya kawaida. Wali au maziwa ya mtoto yaliyofungwa humo yakiwa vuguvugu tangu mwanzo hayafai kusubiri. Kipakie kikiwa kinafuka moshi, na kama mkono unavumilia kugusa chakula cha katikati bila kuungua, muda wake wa kukaa humo umeshapita.