Mtungi wa Oksijeni Wodini

Oksijeni yenyewe haiungui, ila huchochea moto. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Kiasi hicho kikiongezeka, cheche ndogo huweza kulipuka kuwa moto mkali. Barakoa ikiachwa kitandani huku gesi inatoka, shuka na nguo hunasa oksijeni na hubaki hatari kwa muda hata baada ya mtungi kufungwa.

Kwa sababu hiyo, kibao huwekwa mlangoni na kando ya kitanda, kwa maandishi makubwa: “HATARI: OKSIJENI INATUMIKA. USIVUTE SIGARA. USIWASHE MOTO.” Michoro ya sigara na kiberiti iliyokatwa kwa mstari mwekundu huwasaidia wasiosoma. Ndugu wa mgonjwa huelezwa pia kwa mdomo, kwani umeme ukikatika usiku wanaweza kuwasha mshumaa au kibatari.

Mitungi huhifadhiwa wima, ikiwa imefungwa kwa mnyororo, mahali pakavu penye hewa, mbali na joto. Iliyojaa hutengwa na mitupu, na kila upande huwekewa kibao chake. Rangi za mitungi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kinachoaminiwa ni lebo. Mtungi ukianguka na kuvunjika valvu, gesi iliyobanwa ndani huweza kuurusha kwa nguvu.

Valvu hufunguliwa polepole, kwa sababu gesi ikiingia ghafla kwenye regulata huzalisha joto. Mafuta au grisi hayapakwi kamwe kwenye viungo vyake, na anayeufungua mtungi huwa na mikono safi, isiyo na losheni.

Geji huonyesha gesi iliyobaki, na kipima mtiririko huonyesha lita zinazotoka kwa dakika. Kwa kipimo chenye kigololo, husomwa usawa wa katikati ya kigololo. Mtungi wa aina ya J hubeba takriban lita 6,800 ukijaa. Geji ikionyesha nusu, zimebaki lita 3,400. Mgonjwa akipewa lita 5 kwa dakika, gesi hiyo itatosha dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Akianza saa 2:00 usiku, mtungi utakwisha saa 1:20 asubuhi. Geji itafika robo saa 7:40 usiku, na wakati huo mtungi mwingine unapaswa kuwa tayari karibu.

Hesabu hii hufanywa wakati wa kukabidhiana zamu, mbele ya mtungi wenyewe. Anayetoka humwonyesha anayeingia geji, mtiririko ulioagizwa na daktari, mahali pa spana na kizima moto. Wote hukumbushana hatua za dharura: moto ukizuka, piga kelele kuomba msaada, funga valvu ikiwa inafikika kwa usalama, mwondoe mgonjwa, kisha uzime moto ikiwa bado ni mdogo.