Njia Zote Zikiwa Nzuri

Kijana wa Kikenya au Kitanzania anayejiunga na Inver Hills, chuo cha serikali kilichopo Inver Grove Heights, kusini mwa Saint Paul, anaweza kukwama mahali asipotarajia: uuguzi unamfaa, uhasibu unamfaa, kompyuta nayo inamfaa. Mtu angedhani mambo yakilingana hivyo kuchagua ni rahisi, kwa kuwa hapotezi kitu. Kumbe akili hutaka sababu ya kuchukua hiki na kuacha kile, na isipoipata huahirisha.

Mwaka 1992 Amos Tversky na Eldar Shafir walieleza jaribio ambalo wanafunzi waliahidiwa dola 5 wakijaza dodoso refu na kulirudisha. Waliopewa siku 5, asilimia 60 walirudisha. Waliopewa wiki 3, asilimia 42. Wasiowekewa mwisho wowote, asilimia 25 tu. Malipo yalikuwa yale yale na kazi ile ile. Kilichotofautiana ni tarehe.

Tarehe mtu aliyojiwekea mwenyewe husogezwa kirahisi, kwa hiyo ningemshauri kijana huyu ashike ya chuo. Katika vyuo vya umma vya mfumo wa Minnesota State, kozi ya muhula mzima huweza kuachwa bila kudaiwa ada ndani ya siku 5 za kwanza za kazi. Akijitoa baadaye, rekodi yake hubaki na alama ya W, na ada kwa kawaida haifutwi.

Kabla ya tarehe hiyo asijiulize ipi ni bora. Ajiulize kurudi nyuma kutamgharimu nini. Shahada ya uuguzi ni miaka. Kozi ya msaidizi wa muuguzi, kwa sheria ya shirikisho, huanzia saa 75, na ndani yake atamgeuza mgonjwa kitandani, atamwogesha, atampima presha. Sambamba na hiyo achukue uandishi na takwimu, zilizomo katika fungu la krediti 40 za elimu ya jumla ambalo vyuo vya umma vya Minnesota hupokezana. Akihamia uhasibu, hizo hazipotei.

Lakini mlango wa kurudi nao una madhara yake. Daniel Gilbert na Jane Ebert, mwaka 2002, waliwaachia wanafunzi wa upigaji picha wabaki na picha moja kati ya mbili walizosafisha wenyewe. Walioruhusiwa kubadilisha baadaye waliipenda picha yao kidogo kuliko walionyimwa ruhusa hiyo. Anayeweza kurudi huendelea kupima. Asiyeweza huanza kukizoea alichonacho.

Kwa hiyo mlango uwe na siku ya kufungwa. Kabla ya saa ya kwanza ya mafunzo, kijana aandike nini kitamtoa: kwa mfano, ikiwa hadi mwisho wa saa 75 bado anaona kinyaa kumhudumia mgonjwa, atajiandikisha uhasibu muhula unaofuata. Kisipotokea, aombe nafasi ya uuguzi na kurasa za kozi nyingine aache kuzifungua.