Mwaka wa Hamsini Katika Sheria ya Bani Israil: Je, Ulitekelezwa?

Mara nyingi husemwa kwamba katika sheria ya kale ya Bani Israil, kila ukifika mwaka wa hamsini madeni yote yalifutwa na ardhi zote zikarudi kwa wenyewe. Maneno haya yamechanganya mambo mawili tofauti. Tumeona ni vyema tuyatenganishe kwanza, kisha ndipo tuulize kama sheria hiyo ilipata kutekelezwa.

Asili ya jambo hili imo katika kitabu cha Walawi, mlango wa 25, ambacho ni cha tatu katika vitabu vitano ambavyo Mayahudi huviita Taurati. Kwa mujibu wa mlango huo, watu huhesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49. Kila mwaka wa saba ardhi hupumzishwa, hailimwi. Kisha katika mwaka wa hamsini, siku ya kumi ya mwezi wa saba, hupulizwa baragumu nchi nzima na kutangazwa uhuru. Mwaka huo ndio uitwao Yubile. Aliyeuza shamba la urithi wake hulirudia, na Muisraili aliyejiuza kwa ajili ya ufukara huachwa huru, yeye na watoto wake.

Msomaji akiupitia mlango huo kwa makini ataona kwamba hautaji kufutwa kwa madeni katika mwaka wa hamsini. Kusamehe madeni kumetajwa kwingine, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, na huko ni kila mwaka wa saba. Aliyeyaunganisha mawili haya zamani ni mwanahistoria wa Kiyahudi Yosefo, aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza ya Miladi. Yeye alisema kuwa katika Yubile wadaiwa husamehewa madeni yao, na wengi wakamfuata.

Shamba liliuzwaje?

Kwa kuwa ardhi ingerudi, sheria iliamuru bei ipangwe kwa hesabu ya mavuno yaliyobaki hadi Yubile. Tuchukue mfano. Mtu amebanwa na shida, akauza shamba lake mwaka wa 30 ulipomalizika. Imebaki miaka 19 kabla ya Yubile. Katika hiyo, miaka mitatu, yaani wa 35, wa 42 na wa 49, ni ya kupumzisha ardhi, basi mavuno yaliyobaki ni 16. Tukikadiria kila vuno kuwa na thamani ya shekeli moja ya fedha, bei yake ni shekeli 16.

Ukimalizika mwaka wa 36, jamaa yake wa karibu anataka kulikomboa, na sheria inampa haki hiyo. Mnunuzi ameshavuna mara tano, kwani mwaka wa 35 haukulimwa. Yamebaki mavuno 11, hivyo anarudishiwa shekeli 11 na shamba linatoka mkononi mwake. Asipotokea wa kulikomboa, mnunuzi huendelea kuvuna mpaka Yubile, kisha shamba hurudi bila malipo.

Mwanafunzi wa fiqhi atalitambua jambo hili mara moja. Kilichouzwa hapa ni manfaa ya shamba kwa muda maalumu, wala si shamba lenyewe. Kwa istilahi zetu hili liko karibu zaidi na ijara kuliko bai. Kwa hiyo Yubile haikumdhulumu mnunuzi, kwani alilipia kile tu alichokivuna. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ilikuwa na hukumu nyingine: muuzaji alipewa mwaka mmoja wa kuikomboa, na ukipita inakuwa ya mnunuzi moja kwa moja, hata Yubile haiirudishi. Lengo la sheria, basi, lilikuwa kulinda ardhi inayolisha familia.

Je, ilitekelezwa?

Katika vitabu vyote vya historia vya Bani Israil hakuna habari hata moja inayosema kwamba mwaka fulani Yubile ilitangazwa na mashamba yakarudishwa. Kunyamaza kwa vitabu peke yake si dalili ya kutosha, kwani mambo ya kawaida aghlabu hayaandikwi. Lakini kuna mahali ambapo ukimya una uzito.

Katikati ya karne ya tano kabla ya Miladi, Nehemia alikuwa liwali wa Yerusalemu chini ya dola ya Uajemi. Watu walimlalamikia kuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka na walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Hii ndiyo hali hasa ambayo Yubile iliwekewa. Lakini Nehemia hakusema kwamba mwaka wa hamsini umefika, wala kwamba unakaribia. Aliwakemea wakubwa hadharani, akawalazimisha warudishe mashamba, na akawaapisha mbele ya makuhani. Baadaye watu walipoweka ahadi ya maandishi ya kushika sheria, waliutaja mwaka wa saba na kuacha kudai madeni. Yubile hawakuitaja.

Mwaka wa saba, kwa upande wake, una ushahidi. Mfalme Sedekia alitangaza kuachwa huru watumwa wakati Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, naye Nabii Yeremia akiikumbusha sheria ya mwaka wa saba. Mabwana waliwaacha, kisha wakawakamata tena. Katika karne ya kwanza ya Miladi, hati ya deni ya mwaka wa pili wa utawala wa Nero, iliyopatikana katika mapango ya Murabaati karibu na Bahari ya Chumvi, inautaja mwaka wa saba. Na katika zama hizo matajiri walikataa kukopesha mwaka huo ulipokaribia, wakichelea mali zao kupotea. Mapokezi ya Mayahudi yanasema mwanachuoni wao Hileli aliweka hati iitwayo prozbuli, ambayo kwayo mdai huyakabidhi madeni yake kwa mahakama ili yasifutwe. Watu hawatafuti hila ya kukwepa sheria ambayo haiwagusi.

Wanazuoni wa Mayahudi wenyewe wamesema katika Talmudi kwamba Yubile ni wajibu pale tu makabila yote yanapokaa katika nchi yao. Makabila ya mashariki ya Yordani, ya Rubeni na Gadi na nusu ya Manase, yalipohamishwa na Waashuri mnamo miaka ya 730 kabla ya Miladi, wajibu huo ukasita. Kwa hiyo hata wao hawadai kuwa ilitekelezwa katika zama za Hekalu la pili.

Mfano wa Babeli

Wengine husema sheria ya aina hii haiwezekani kabisa. Hili nalo si sahihi. Wafalme wa Babeli waliotangulia karne nyingi walitoa amri za kufuta madeni. Amri ya mfalme Amisaduka, ya karne ya 17 kabla ya Miladi, imepatikana katika mabamba ya udongo. Ilifuta mikopo ya nafaka na fedha ya wenye shida, ikaiacha mikopo ya biashara, na ikamtishia kifo mdai aliyetoza kwa nguvu kisha akakataa kurudisha. Neno lao la kuachilia huru, andurarumu, ni la asili moja na neno la Kiebrania derori lililotumika katika Walawi.

Tofauti ni kwamba amri ya Babeli ilitoka kwa mfalme wakati alipopenda, aghlabu anapotawazwa, na hakuna mkopeshaji aliyeijua siku yake mapema. Yubile ilipangwa kwa hesabu ili isitegemee hiari ya mtawala. Lakini hesabu hiyo haikuwa na mkono wa kuisimamia, na Nehemia alipotaka kuwarudishia watu mashamba yao, alilazimika kutumia mamlaka yake mwenyewe.

Wallahu aalam.