Tangazo la Mshindani Lisilozimwa

Anayelipia tangazo Facebook au Instagram huiona hela ikikatwa kila siku, kwa hiyo tangazo lisiloleta oda hazimii moyo kulizima. Ukikuta video ya mshindani wako imerushwa miezi mitatu mfululizo, inaelekea kuna kitu inamrudishia. Tarehe ya kuanza kwake iko wazi kwa yeyote. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Facebook huonyesha kwenye maktaba ya matangazo, facebook.com/ads/library, kila tangazo lililo hewani wakati huo. Unachagua nchi, unaandika jina la ukurasa, unachuja zibaki video tu, na juu ya kila tangazo unasoma Started running on na tarehe yake.

Tuseme dada mmoja wa Dar es Salaam anauza sufuria za presha za umeme. Mwezi Januari anafungua ukurasa wa mshindani na kukuta video kumi na mbili. Anaandika daftarini kila moja inaanzaje, nani anaongea na ahadi ni ipi. Kuandika ni lazima, kwa sababu kwetu tangazo la kawaida likizimwa hutoweka kwenye maktaba, na usipokuwa na kumbukumbu hutajua kilichokufa. Anarudi kila Jumatatu. Kufikia Aprili zimebaki mbili. Ile ya studio, yenye muziki na mwanamitindo anayetabasamu, haikumaliza wiki tatu. Iliyodumu imepigwa kwa simu: mkono unaonyesha mita ya LUKU, maharage makavu yanamiminwa sufurianı, kisha mita inasomwa tena na haijapungua hata uniti moja.

Asikimbilie kuhitimisha kwamba video za simu huuza kuliko za studio. Pengine kinachouza ni hofu ya umeme kuisha, ambayo mnunuzi anayo kabla hajaiona sufuria, na mita inaijibu bila maneno. Dalili nzuri zaidi ya tarehe ni hii: Machi mshindani aliongeza video tatu zenye mita ileile, zikitofautiana sekunde za mwanzo tu. Moja inaanza na mama akilalamika, nyingine na maharage yaliyoiva. Mtu hagharamii matoleo mapya ya kitu kinachomtia hasara.

Hata hivyo umri hudanganya. Maktaba haionyeshi kiasi alichotumia kwenye tangazo la kawaida, hivyo video ya miezi sita huenda inalishwa hela kidogo sana kwa siku. Nyingi za namna hiyo huonyeshwa tu kwa watu waliokwisha kuulizia bidhaa. Utazitambua kwa lugha yake: hazielezi sufuria ni nini, zinakukumbusha punguzo. Ukiiga hiyo na kuirusha kwa watu wasiokujua, utachoma hela. Kampuni kubwa nazo huacha tangazo lidumu ili jina lizoeleke, bila kuhesabu oda. Upande wa pili, tangazo likinakiliwa kwenye kampeni mpya hupata tarehe mpya, na mshindi wa mwaka mzima akaonekana ana siku nne. Ndiyo maana daftari la dada yule linafuata picha na maneno, si tarehe peke yake.

Sasa ajaribu kwake. Haibi picha za mtu, kwani hiyo ni mali ya mwenyewe. Anachukua wazo la kupima mbele ya macho. Anapiga video mbili zenye bei na namba ya WhatsApp ileile: moja ya mita, nyingine ya saa ya ukutani, ikionyesha muda unaookolewa. Kila moja anaipa shilingi 10,000 kwa siku, siku tano. Anahesabu waliolipa na kuachana na waliobonyeza kupenda. Ya mita ikileta oda nne, kila oda imemgharimu 12,500. Ya saa ikileta moja, imemgharimu 50,000. Kama faida yake kwa sufuria ni 25,000 kabla ya tangazo, ya kwanza inalipa na ya pili inamla. Ila nne kwa moja ni hesabu ndogo, bahati tu inaweza kuizaa, kwa hiyo arudie wiki nyingine kabla ya kuongeza bajeti.

Pia faida yake si ya mshindani. Yule akiagiza kontena zima, au akimuuzia mteja yuleyule vyombo vingine baadaye, anaweza kuvumilia oda ya 30,000 ambayo yeye ingemfilisi. Na Mei video ya mita ikitoweka ghafla, asiifute daftarini kwanza. Aulize dukani kama sufuria zipo. Mzigo ukiisha, hata tangazo bora huzimwa.